Mw. kwenye kaburi si Mwalimu

Jana binamu yangu aliye ughaibuni alinitumia picha ya kaburi la Masaka, akitaka maneno yote kwa Kiswahili. Jiwe limeandikwa Kiganda: "Omugenzi Jjajja Mw.", kisha jina, "Yazaalibwa 11/4/1931, Yafa 23/8/1994".

Omugenzi ni marehemu. Yazaalibwa, alizaliwa. Yafa, alikufa, mimi niliandika "alifariki", ndiyo heshima yetu.

Jjajja ndiye aliyenisumbua. Kiganda hakitofautishi babu na bibi, na jina la marehemu lenyewe hubebwa na wanaume na wanawake. Kidogo tu niandike bibi! Jibu lilikuwa kwenye "Mw.", ambayo mara ya kwanza niliisoma "Mwalimu" kama tulivyozoea. Kiganda ni Mwami, yaani Bwana, mwanamke angeandikiwa "Muky.", Mukyala. Basi ni babu.

Binamu naye alishasoma Novemba 4. Nikamwonyesha tarehe ya pili: mwezi wa 23 haupo, kwa hiyo siku ndiyo inayotangulia. Ni Aprili 11. Tarakimu nimeziacha kama zilivyochongwa, maelezo nikayaweka chini.