Kubadilisha maneno hakukutosha: tulivyoiokoa sura ya pili

Dada yangu mdogo aliponiletea sura ya pili ya tasnifu yake, ilikuwa imesharudishwa na msimamizi na maneno haya pembeni: "Hii bado ni sauti ya mwandishi wa kitabu." Alikuwa amechoka, na mimi nilikasirika, maana wenzake walikuwa wamemshauri vibaya kwa kujiamini kabisa. Walimwambia abadilishe maneno kadhaa katika kila sentensi, aweke marejeo mwishoni, kisha apitishe kazi kwenye programu ya kukagua ulinganifu. Alifuata yote, na asilimia ya ulinganifu ikashuka vizuri.

Tazama basi kilichotokea. Tuseme kitabu kinasema: "Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya mawimbi, hunasa tope linaloletwa na mito, na hivyo huukinga ufuko usiliwe na bahari." Kwa ushauri ule inakuwa: "Mizizi ya mikoko hushusha mwendo wa mawimbi, hukamata mchanga unaosafirishwa na mito, na kwa hiyo huulinda ufuko usimomonyolewe na bahari." Programu hutafuta mfuatano wa maneno yanayofanana, kwa hiyo hapa inaona machache. Msomaji mwenye kitabu mkononi anaona kila kitu: mawimbi, kisha tope, kisha ufuko, vitenzi vitatu kwa mpangilio uleule, hata "na hivyo" imepata pacha wake mahali palepale. Na kuna baya zaidi. Tope limegeuka mchanga, kwa sababu tu alihitaji neno jingine. Mizizi ya mikoko inasifika kwa kunasa tope laini, kwa hiyo sentensi imebaki ya mwandishi wa kitabu na ukweli wake umeharibika.

Marejeo nayo hayamsaidii. Yanamwambia msomaji kwamba hoja imetoka kwa fulani. Pasipo alama za kunukuu, msomaji ataamini kwamba maneno na mpangilio ni vya dada yangu.

Nilichofanya kwanza ni kumnyang'anya kitabu. Nikamwuliza, "Wewe hii habari ya mizizi unaitakia nini?" Akajibu, "Kaka, nataka kuonyesha kwa nini ufuko unaliwa watu wakikata mikoko." Hapo ndipo palipokuwa na kazi yake! Kitabu kilikuwa kinaeleza mti, yeye anaeleza hasara. Nikamwambia aandike jibu hilo, kitabu kikiwa kimefungwa. Akaandika: "Mikoko ikikatwa, mawimbi hufika ufukweni na nguvu zake zote, na tope la mtoni hukosa pa kukwama."

Baada ya hapo tulifungua kitabu na kulinganisha, na hatua hii watu wengi huiruka. Tulipigia mstari maneno yaliyo pande zote mbili, kisha tukauliza kama yamefuatana vilevile. "Mikoko", "mawimbi", "tope" na "ufuko" hayakutusumbua, kwani ndiyo majina ya vitu vyenyewe na hakuna anayeyamiliki. Mpangilio ulikuwa mpya, vitenzi vya kitabu havikuwapo. Lakini ulinganisho ulitufichulia "nguvu zake zote". Kitabu kilisema mizizi hupunguza kasi. Hakikusema kwamba bila mizizi hakuna kingine kinachopunguza. Tukaandika "na nguvu zaidi", na marejeo tukayaacha, maana hoja bado ni ya kitabu.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ni zile aya alizozitoa kwenye vitabu vya Kiingereza. Programu haikuziona kabisa, naye alidhani ziko salama. Nilipoweka ukurasa wa kitabu kando ya wake, sentensi ya kwanza ilikuwa tafsiri ya kwanza, ya pili ya pili, mpaka mwisho wa aya, na mifano ileile. Kutafsiri sentensi baada ya sentensi ni kubeba mpangilio wa mtu mzima mzima. Dawa yake ilikuwa kusoma vitabu viwili juu ya jambo moja kabla ya kuandika, halafu kuanza na pale vinapotofautiana. Aya inayoanza hivyo haiwezi kufuata nyayo za kitabu kimoja.

Kwenye fasili nilimkataza asihangaike. Fasili ya dhana hupimwa neno kwa neno, ukiigusa unaibadilisha. Zile chache alizozihitaji tulizinakili zilivyo, tukazitia alama za kunukuu na namba ya ukurasa, na chini ya kila moja akaeleza yeye kwa nini ameichagua hiyo. Msimamizi aliporudisha sura safari hii, maswali yake yote yalikuwa juu ya hayo maelezo ya chini.