Siku moja maishani mwangu: pawabenki ya 50,000 iliyokuwa ya 20,000

Watu wakiniuliza kazi yangu, nami nikawajibu kwamba naandika upya maelezo ya bidhaa zinazouzwa mtandaoni, wengi hudhani kwamba nashinda nikitafuta maneno matamu. Sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikiwa na mizani ya jikoni, rula na kifaa kidogo cha kupimia umeme, na hayo maneno matamu ndiyo ninayolipwa kuyafuta. Siku ninayoisimulia hapa ilikuwa Jumanne, na bidhaa iliyoimaliza ilikuwa pawabenki moja.

Saa 12 na dakika 20 asubuhi taa ya nne ya pawabenki iliacha kumweka, maana yake ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeimaliza chaji kabisa jana yake na kuichomeka saa 3 usiku kwenye chaja ya volti 5 na ampea 2, na kwa bahati umeme haukukatika usiku ule, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari: kujaa, saa 9 na dakika 20. Nikaiweka kwenye mizani ambayo kwa kawaida hupima unga wa maandazi, ikasoma gramu 430.

Uzito huo peke yake ulikwisha kuniambia mengi. Maelezo aliyoniletea mwenye duka, ambaye huuza vifaa vya simu Kariakoo na kupokea oda kwa njia ya simu, yalisomeka hivi: "PAWABENKI YA KISASA 50,000 mAh!!! INACHAJI SIMU MARA 12!!! INAJICHAJI KWA JUA HAIISHI CHAJI KAMWE!!! HAIINGII MAJI 100%!!! ORIJINO KUTOKA JAPANI!!!" Betri za lithiamu zenye ujazo wa kweli wa mAh 50,000 hukaribia uzito wa kilo moja, hata kabla ya kuongeza ganda, paneli na tochi. Kifaa cha gramu 430 hakiwezi kubeba ujazo huo, kama vile ndoo ya lita 10 isivyoweza kubeba lita 25. Nikakigeuza na kuwasha tochi ya simu. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu juu ya plastiki nyeusi, kulikuwa na maandishi ambayo hakuna mnunuzi anayeyasoma: 20000 mAh, kisha 74 Wh, yaani nishati yote inayobebwa na betri, na mstari wa pili uliosema 12000 mAh kwa 5V/2A. Chini yake palisomeka "Made in China".

Saa 12 na dakika 45 nilianza kipimo. Mpangilio wake ni mwepisi: pawabenki, kisha kipimaji cha USB chenye kioo kidogo, kisha kifaa chenye feni ambacho kazi yake ni kula umeme kwa kiwango kisichobadilika, nami nilikiweka kwenye ampea 2. Kipimaji huhesabu umeme wote uliotoka mpaka pawabenki ijizime yenyewe. Kati ya hapo na saa 4 nilimaliza maelezo ya mashine ya kunyolea na seti ya sufuria, na hayana la kusimulia isipokuwa kwamba sufuria ya "lita 5" ilijaa maji hadi ukingoni kwa lita 4 na robo.

Saa 4 na nusu mwenye duka alipiga simu, na hapo ndipo siku ilipoanza kuwa ndefu.

"Dada, nimeona ujumbe wako. Unataka niandike 20,000? Jirani yangu ukutani kwake kaandika 100,000, bei ileile. Nani atakuja kwangu?"

Nilimweleza kwamba namba ile si yangu, imeandikwa na kiwanda chini ya kifaa anachokiuza. Akakata, akarudi na ujumbe wa sauti wa dakika nne, kisha mwingine wa dakika tatu. Katika wa kwanza alisema boksi limeandikwa 50000, kwa hiyo yeye hajadanganya, aliyedanganya ni boksi. Katika wa pili alikuwa amepata njia ya kati: tuandike "Modeli 50000", kwa kuwa jina la modeli si ujazo. Njia hiyo naifahamu, kwani kila mwezi kuna mtu anayeigundua upya, na huwa naikataa kwa sababu ileile: mnunuzi akiona namba yenye tarakimu tano kando ya neno pawabenki huisoma kuwa ujazo, na muuzaji ameiweka hapo akijua kwamba itasomwa hivyo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na sioni jinsi neno "modeli" linavyobadilisha kilichomo kichwani mwa anayesoma. Nilimwandikia hayo kwa adabu zote. Akajibu kwa alama ya kidole gumba, ambayo kwake haina maana ya kukubali.

Nilichelewa kula. Saa 6 na dakika 41 mchana feni ilinyamaza. Kioo kilisoma 11870 mAh na 58.8 Wh, na hapa sina budi kueleza kidogo, kwa kuwa ndipo wauzaji hata waaminifu hupotea. Betri zilizomo ndani hukaa kwenye volti 3.7 hivi, na ule ujazo wa 20,000 huhesabiwa kwa volti hiyo. Simu hupokea volti 5. Sakiti inapoipandisha volti, mAh hushuka kwa kiasi hichohicho, na 20,000 inakuwa 14,800 hata kabla ya kupoteza chochote. Kisha sakiti yenyewe hupata joto, na waya nao hula kidogo, na kinachomfikia mnunuzi ni hiyo 11,870, karibu sawa na namba ya pili ya kiwanda. Kwa hiyo 20,000 si uongo, lakini ikisimama peke yake humfanya mwenye simu ya mAh 5,000 atarajie kuijaza mara nne. Betri ya simu hiyo hubeba takriban Wh 19, na simu nayo hupoteza kiasi inapochaji, hivyo mara mbili na nusu ndiyo ahadi ninayoweza kuitetea. Mara 12 haipo popote.

Nikachukua rula nikapima paneli ya jua: sentimita 12 kwa 6. Jua kali la utosini huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paneli ndogo kiasi hicho huangukiwa na wati 7 hivi, na hugeuza sehemu moja kati ya tano tu kuwa umeme, yaani kama wati 1.4. Kujaza Wh 74 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 50 za jua kali, na kwa kuwa siku nzuri hutoa saa tano au sita za jua la namna hiyo, tunazungumzia siku 10. Niliianika uani ili nione, na baada ya nusu saa ganda jeusi lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kulishika vizuri. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, kwa hiyo anayeiacha juu ya bati siku nzima akingoja ijae anaiua taratibu. "Haiishi chaji kamwe" niliifuta kwa furaha ambayo sitaificha.

Kuhusu maji, nilitafuta alama ya IP, ile inayoonyesha jinsi kifaa kinavyozuia maji na vumbi, kwenye kifaa, boksi na karatasi ya maelekezo. Haikuwapo. Kulikuwa na kifuniko cha mpira kwenye matundu, basi, na pasipo kipimo huwa naandika kinachoonekana kwa macho.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi alipopiga tena, ila adhuhuri ilikuwa imepita na kichwa kilikuwa kinaniuma. Safari hii nilimuuliza swali moja: wateja wake wanaosafiri kwenda Guangzhou kuchukua mizigo hubeba pawabenki? Akasema hao ndio wanaonunua nyingi. Nikamwambia kwamba mashirika ya ndege huruhusu hadi Wh 100 kwenye begi la mkononi bila kuomba kibali, kati ya 100 na 160 kwa kibali cha shirika, na zaidi ya hapo hairuhusiwi. Mia tano elfu na mia moja elfu zote ni hasara: 50,000 kwa volti 3.7 ni Wh 185.

"Mia tano elfu umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nikarekebisha: hamsini elfu. "Tangazo lako mwenyewe linamwambia mteja kwamba mali yako haipandi ndege. Ya 74 inapanda."

Kimya kirefu. Kisha akasema, "Hiyo ya ndege weka juu."

Sikuiweka juu kabisa, kwa sababu kwenye simu mteja huona mistari miwili au mitatu kabla ya kulazimika kugusa ili asome zaidi, na hiyo ni ya kumwambia kitu ni nini, kina ujazo gani na bei yake. Kila mstari huanza na neno analolitafuta, jambo moja kwa mstari, na kila namba hufuatana na sharti lake. Jioni ilinikuta na hiki:

Pawabenki 20,000 mAh (74 Wh), yenye tochi na paneli ndogo ya jua
Bei: shilingi 45,000
Inayofika kwenye simu: mAh 12,000 kwa volti 5 (tulipopima: 11,870)
Simu ya mAh 5,000: huijaza takriban mara 2 na nusu
Ndege: chini ya Wh 100, begi la mkononi pekee
Kuijaza: saa 9 hadi 10 kwa chaja ya volti 5, ampea 2
Paneli ya jua: ya dharura, kujaa kwa jua pekee huchukua siku 10 hivi
Maji: kifuniko cha mpira kwenye matundu, usiitumbukize
Uzito: gramu 430
Imetengenezwa: China

Alikataa neno "dharura", tukavutana, nikalibakiza. Aliomba tuondoe China, nikamkumbusha kwamba imeandikwa kwenye kifaa, na kwamba anayeahidiwa Japani akakuta China hurudisha mzigo. Hilo alilikubali haraka kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu limewahi kumkuta.

Alilibandika tangazo saa 2 usiku. Bango la picha bado lilikuwa na 50,000 kwa rangi nyekundu, kwa kuwa mchora mabango wake hakupatikana, akaniahidi kwamba asubuhi litabadilishwa. Saa 3 kasoro alinitumia swali la mteja bila kuongeza neno lake hata moja: "Kwa nini ya jirani ni 100,000 na bei ni moja?"

Nikamjibu: "Mwambie akaziombe zote mbili, aziweke kwenye mizani ya muuza sukari."