Kuku mmoja, vijitabu viwili: kumbukumbu ya mradi

Wiki ya 1: kuachana na tafsiri

Msomaji ni mtoto wa miaka sita, gredi ya kwanza Kenya, anayefundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Mpango wa awali ulikuwa kijitabu kimoja chenye hadithi moja: Kiswahili juu ya ukurasa, Kiingereza chini. Umefutwa kabla ya mchoro wa kwanza.

Sababu ni kwamba ugumu wa lugha hizi mbili hauendi sambamba. "Kuku analala" ni rahisi mno kwa anayejua silabi: ku-ku, a-na-la-la, kila konsonanti na irabu yake. Lakini ukiandika "The hen is sleeping", umemletea mtoto *th*, *ee* na *ng* katika sentensi moja. Kinyume chake, "wet net" ni Kiingereza cha siku ya kwanza, ilhali Kiswahili chake, "wavu uliolowa", ni cha miezi mingi baadaye. Isitoshe, mtoto mwerevu husoma mstari wa juu, kisha wa chini anaukariri tu kwa kukisia.

Kwa hiyo ni vijitabu viwili, kila kimoja na hadithi yake. Kinachoviunganisha ni kuku yuleyule, aliyechorwa vilevile. Jalada la Kiswahili ni la njano, la Kiingereza ni la buluu. Rangi si urembo: inamwambia mtoto atumie sauti za lugha gani kabla hajafungua.

Wiki ya 2: cha Kiswahili

Herufi zilizoruhusiwa ni irabu tano na konsonanti sita: b, k, l, m, n, t. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi, sentensi moja kwa ukurasa:

Mama ana kuku.
Kuku ana kiota.
Bata anataka kiota.
Kuku anakataa.
Bata analia.
Kuku analala na bata.

Wahusika wote ni mtu au wanyama, na wako katika umoja, kwa makusudi. Kuku na bata huchukua *a-* kama mtu, kwa hiyo kila kitenzi kirefu kinaanza na *ana-*. Mtoto akishaizoea sehemu hiyo, "anataka" yenye silabi nne inabaki na mbili tu za kufanyia kazi. Ukiingiza kiti au mti, utaleta *ki-* na *u-* na msaada huo utapotea. Wingi pia umeahirishwa, maana unahitaji *wa-*, na w haijafundishwa.

Kosa limejitokeza ukurasa wa nne. "Anakataa" inasomwa "anakata", na kwa bahati mbaya hilo nalo ni neno kamili, kwa hiyo mtoto haoni kasoro yoyote na anaendelea mbele. Irabu pacha ni somo la peke yake. Sentensi imebadilishwa kuwa "Kuku anabaki": hadithi imepungua ukali kidogo, lakini inasomeka.

Ili kunasa neno lililopenya bila kufundishwa, maandishi yamewekwa katika faili na kukaguliwa kwa amri moja:

```
grep -oE "[[:alpha:]']+" kuku1.txt | grep -viE "^([bklmnt]?[aeiou])+$" | sort -u
```

Inatoa orodha ya maneno yote yaliyotoka nje ya silabi zinazoruhusiwa. Kama haikutoa kitu, kijitabu ni safi. "Mtoto" lingenaswa, kwa sababu *m* yake inasimama peke yake kama silabi, na hilo nalo lina wakati wake. Ila amri haioni irabu pacha. "Anakataa" ilipita salama. Kwa Kiingereza ukaguzi wa namna hii haufui dafu, kwani herufi ileile hubadili sauti neno hadi neno.

Wiki ya 3 na ya 4: cha Kiingereza

Hapa ndipo kazi ilipo. Msomaji wa Kiswahili amezoea silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo "net" anaisoma "neti" na "ten" anaisoma "teni". Ni tabia ileile iliyotupa shati, benki na soksi. Baada ya sauti za midomo huongeza *u*, kama katika klabu na pampu. Ukisikia irabu ya ziada mwishoni, usimwambie "soma haraka". Tatizo si kasi. Mpe kwanza maneno yanayoishia na sauti inayoweza kuvutwa: *hennn*, *tennn*. Mdomo ukizoea kuishia pale bila irabu, ndipo uje na *t*, ambayo haivutiki.

Irabu ya kuanzia ni *e*, kwa kuwa katika "hen" iko karibu sana na *e* ya Kiswahili. Ile ya kuogopa ni *u*. Kwa matamshi ya Afrika Mashariki, *u* ya "bus" inasikika kama *a*, ndiyo maana tunaandika basi. Mtoto aliyeambiwa siku zote kwamba *u* ni u hawezi kulijua hilo kwa kutazama herufi. Imewekwa kijitabu cha tano.

A hen.
Ten men.
Ten men met a hen.
Ten men set a net.
A wet net.
A wet hen!

Maneno tofauti ni manane tu. Kurasa mbili za mwanzo zinaishia na *n*. *T* ya mwisho inaanza ukurasa wa tatu. "The" haimo. Maneno kama "mate", "tone" na "pole" yamepigwa marufuku kwa muda mrefu: mtoto atayasoma kwa Kiswahili sanifu kabisa, mate ya mdomoni na tone la maji, wala hutakuwa na haki ya kumkosoa.

Jambo la pembeni lakini linaloharibu mengi: herufi zitajwe kwa sauti, si kwa majina ya Kiingereza. Jina la Kiingereza la *e* linasikika kama *i* ya Kiswahili, na mtoto anabaki na herufi mbili zinazogombea sauti moja.

Wiki ya 5: kuchapa na kushona

Fonti ni Andika, ya bure kutoka SIL, iliyotengenezwa kwa wanaojifunza kusoma. *A* yake ni ile ya mviringo ambayo mtoto anaiandika kwa mkono. Ukubwa ni pointi 28. Karatasi mbili za A4 zinatoa kurasa nane: jalada, hadithi kurasa sita, na nyuma orodha ya maneno. Karatasi ya nje ina kurasa 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili. Ya ndani ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Printa ichaguliwe `Flip on short edge`, la sivyo upande wa pili utatoka kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, kwa hiyo ni sindano, matundu matatu na uzi.

Orodha ya nyuma haina picha, na maneno yake yamepangwa tofauti na hadithi. Aliyesoma "bata" vizuri ukurasa wa tatu lakini akakwama nyuma alikuwa anasoma mchoro. Dawa yake imekuwa kuwachora kuku na bata pamoja kila ukurasa tangu wa tatu, ili picha pekee isimtajie nani anayezungumziwa.

Inayofuata

Kijitabu cha pili cha Kiswahili kinaongeza s, w na y, pamoja na *wa-* ya wingi. Cha Kiingereza kinabaki na konsonanti zilezile na kuongeza *i* tu: "tin", "sit", "him". Hakitaanza mpaka "net" isomwe bila irabu ya ziada kwenye orodha ya nyuma, siku mbili mfululizo.