Gari moja lililouzwa lilivyonifundisha hesabu ya kodi ya kampuni

Nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya jumla Morogoro, na hesabu za mwaka 2022 zilikuwa za kwanza kuniangukia mimi mwenyewe hadi ritani ya kodi. Faida kabla ya kodi ilikuwa shilingi 84,000,000. Mkurugenzi akauliza, "Kwa hiyo asilimia 30 ya hiyo?" Nikamwambia, "Bado, bosi. Hiyo ni faida yetu. Ya TRA ina safari yake."

Safari yenyewe ni hii: unaanza na faida ya vitabu, unarudisha gharama ambazo sheria haizikubali, kisha unatoa zile inazozikubali lakini vitabu havikuziweka.

Za kurudisha nilizipata kwa kusoma leja mstari kwa mstari, maana majina ya akaunti hayasemi kila kitu. Uchakavu wa vitabu, 22,000,000, unarudi wote kwa sababu sheria ina viwango vyake. Faini zilikuwa 1,500,000. Adhabu ya kuvunja sheria haikubaliki kama gharama. Ndani ya "matumizi mengineyo" nikakuta 2,000,000 za mchango wa harusi ya mtoto wa mkurugenzi. Hilo ni jambo la familia, halikuzalisha mapato ya kampuni, likarudi.

Kwenye madeni nilikaribia kukosea. Mizania ilionyesha 16,000,000 zilizotengwa kwa tahadhari ya wateja wasiolipa, nami nikataka kurudisha zote. Lakini 10,000,000 zilitengwa mwaka uliotangulia na zilikwisharudishwa wakati ule. Kilichopunguza faida ya mwaka 2022 ni ongezeko la 6,000,000 tu, ndilo lililorudi. Deni linakubaliwa pale tu limeshindikana kweli na likafutwa vitabuni, si tunapohofia kwamba huenda lisilipwe.

Jumla ikafika 115,500,000. Hapo ndipo lilipokuja suala la gari, ambalo lilinikosesha usingizi siku mbili.

Tuliuza pikapu ya zamani kwa 9,000,000. Vitabuni ilikuwa imebaki na thamani ya 5,000,000, hivyo faida ya kuuza, 4,000,000, ilikuwa tayari ndani ya zile 84,000,000. Mwaka huohuo tulinunua Kanta ya tani 4 kwa 34,000,000. Kwa kodi, mali hupangwa katika makundi ya uchakavu, na magari ya mizigo yaliyo chini ya tani 7 yako kundi la kwanza pamoja na kompyuta, kwa asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Kundi lilianza mwaka na 31,000,000. Mimi nikaongeza 34,000,000, nikatoa 5,000,000 za vitabuni, nikapata 60,000,000. Tena nikaiacha ile faida ya kuuza ndani ya hesabu.

Makosa mawili kwa gari moja. Mhasibu mzee aliyekuwa akiidhinisha ritani zetu aliniuliza swali moja tu: "Kijana, kundi lina habari gani na thamani ya vitabu vyako?" Nikaelewa. Kwenye kundi magari hayafuatwi moja moja. Gari likiuzwa, unatoa fedha iliyopatikana, yaani 9,000,000. Salio linapungua, na punguzo la uchakavu la miaka ijayo linapungua nalo. Kwa njia hiyo mauzo yanatozwa kodi polepole. Ukiiacha na faida ya 4,000,000 kwenye mapato, umeitoza kampuni mara mbili kwa gari lilelile. Fedha ya mauzo ikizidi salio la kundi, hapo ndipo ziada huingia kwenye mapato.

Basi nikaanza upya. 31,000,000 jumlisha 34,000,000, toa 9,000,000, ni 56,000,000. Asilimia 37.5 yake ni 21,000,000. Samani za ofisi, kundi la tatu, zilikuwa 16,000,000 kwa asilimia 12.5, yaani 2,000,000. Punguzo lote 23,000,000.

Kutoka 115,500,000 nikatoa faida ya gari 4,000,000, kisha 23,000,000. Ikabaki 88,500,000, na kodi ya asilimia 30 ni 26,550,000. Ile ya mkurugenzi ingekuwa 25,200,000. Tulikuwa tumekwishalipa awamu nne za 6,000,000 kwa makadirio, tukamalizia 2,550,000 tulipowasilisha ritani, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa.

Nilipomwonyesha mkurugenzi ule mstari wa harusi, alinyamaza kidogo, kisha akasema mchango mwingine atautoa mfukoni mwake.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa faili niliandika namba tatu za kuanzia mwaka 2023: kundi la kwanza 35,000,000, kundi la tatu 14,000,000, na tahadhari ya madeni 16,000,000 ambazo kodi bado haijazitambua. Mteja mmoja kati ya hao alipokimbia na deni likafutwa, nilijua pa kulitoa.