Maabara iliyozima shule nzima Moshi

Mwaka 2016 nilikuwa bado napikwa na mzee mmoja fundi umeme hapa Moshi, mtu aliyezoea kuuliza maswali mengi kabla ya kushika bisibisi. Tuliitwa kwenye shule moja ya bweni pembezoni mwa mji. Wafadhili walikuwa wamewaletea kompyuta za mezani 24, zikapangwa kwenye chumba kimoja, na tangu siku ile umeme wa jengo la utawala ukawa haukai. Mara nyingine shule nzima ilizimika, bweni na jiko vikiwemo.

Mkuu wa shule, mama mmoja wa makamo, alitupokea kwa maneno machache. Baada ya shikamoo akatuambia kuwa fundi aliyetangulia alishabadilisha RCD ya jengo lile, chombo kinachokata umeme unapovuja, kwa kudhani ni mbovu, na ile mpya ikafanya vilevile. Sasa fundi huyo alikuwa ameshauri iondolewe kabisa, waya ziunganishwe moja kwa moja.

"Wewe mzee wangu unasemaje?" akauliza.

"Mama, tusiiondoe," mzee akajibu. "Kwanza naomba kujua inakata saa ngapi."

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na daftari. Kwa hasira tu alikuwa ameandika kila mara umeme ulipozima, na kwa bahati aliandika na sababu alizozishuku. Tulipolisoma, karibu kila tukio lilikuwa limetokea TANESCO waliporudisha umeme baada ya kukatika. Wakati masomo yakiendelea na mashine zote zimewaka, RCD ilitulia. Umeme ukikatika na kurudi, hapohapo inaruka. Waya uliochubuka au kompyuta yenye shoti haichagui saa namna ile.

RCD inafanya kazi moja. Inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna kiasi kinachopita njia nyingine kwenda ardhini, labda kupitia mwili wa mtu, na yenyewe inakata. Iliyokuwepo pale ilikuwa ya miliampia 30, ambayo ndiyo ya kumlinda mtu. Wengi hudhani inasubiri mpaka 30 zitimie. Sivyo. Kanuni ya utengenezaji inaitaka isikate kwenye nusu yake, yaani 15, na iwe imekata ikifika 30. Katikati hapo kila moja ina mahali pake.

Tukachomoa kila kitu maabara. Mzee akaunganisha laivu na nyutro pamoja, akapima kati yake na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuona kama waya zinavujisha. Ikasoma zaidi ya megaomu 100, kwa hiyo waya za ukutani zilikuwa salama. Kisha tukaipima RCD yenyewe ikiwa imetenganishwa na mzigo wake, kwa kipimo kinachopandisha mkondo kidogo kidogo. Ilikata kwenye miliampia 22. Ilikuwa nzima kabisa.

Ikabaki kujua kompyuta zenyewe zinavujisha kiasi gani. Mzee akanipa mita ya kubana, ile inayosoma hadi sehemu za miliampia, akaniambia nizungushe taya zake kwenye laivu na nyutro kwa pamoja, ethi ibaki nje. Hapo mita inaona kile tu ambacho RCD inakiona. Nikawa nachomeka mashine moja baada ya nyingine. Kila kompyuta na skrini yake iliongeza kama miliampia 0.7, na iliziongeza hata kabla sijabonyeza kitufe cha kuiwasha. Mwalimu wa kompyuta alishangaa hapo, akasema mashine imezimwa, inavujishaje?

Jibu lipo ndani ya pawasaplai. Mlangoni mwake kuna filta ya kuzuia kelele za umeme, na filta hiyo ina kapasita ndogo zilizounganishwa kutoka kwenye laivu na nyutro kwenda kwenye ethi. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kapasita ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 230 hupitisha takriban miliampia 0.34. Zikiwepo za namna hiyo kwenye kompyuta na nyingine kwenye skrini, unafika hapo tulipofika. Kitufe cha kuwashia kiko nyuma ya filta, kwa hiyo soketi ikiwa na umeme filta inakula. Huu si ubovu. Ndivyo vifaa vilivyoundwa, na mkondo huo unatakiwa uende kwenye ethi.

Mashine 24 kwa 0.7 ni miliampia 16.8, na pamoja na printa na urefu wa waya mita ilisimama karibu na 18. RCD inakata kwenye 22. Kwa hiyo siku nzima chombo kile kilikuwa kimebakiwa na miliampia nne tu. Umeme unaporudi, mara nyingi na msukosuko wa volti, kapasita za mashine zote 24 hujijaza kwa wakati mmoja, na kwa sehemu ndogo ya sekunde mkondo unaokwenda ardhini unapita kipimo kwa mbali. RCD haikuwa na namna ya kujua kwamba si mtu.

Nilimuuliza mzee kama ushauri wa kuiondoa ungeleta madhara makubwa kiasi hicho, maana breka za kawaida zilikuwepo. Akanipeleka nje kwenye fimbo ya ethi ya shule. Tuliipima, omu 18. Akaniambia nigawe 230 kwa 18. Hata ukisahau ukinzani wa upande wa transfoma, mkondo haufiki ampia 13. Breka ya soketi pale ilikuwa ya ampia 32. Boksi la kompyuta lingeguswa na laivu, breka ingeendelea kukaa kana kwamba hakuna kitu, na bati lote lililofungwa kwenye ethi ile lingebaki na umeme mpaka mwanafunzi aliguse. Kwenye shule inayotegemea fimbo yake yenyewe, RCD ndiyo inayokata. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Dawa ilikuwa kuugawa mzigo. Kanuni inayotumika ni kwamba uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kipimo cha RCD, yaani miliampia 9 kwa ile ya 30. Kompyuta 12 zingetoa 8.4, ambayo inaingia kwa kubanana. Mzee akachagua nane nane, makundi matatu, kila kundi miliampia 5.6, ili hata mwalimu akileta printa au projekta pasiwe na tatizo. Kila kundi likapata waya wake kutoka kwenye bodi na breka yake yenye RCD ya miliampia 30 ndani yake. Tulichukua aina ya A, si aina ya AC iliyokuwepo, kwa sababu pawasaplai hugeuza umeme kuwa wa upande mmoja, na hitilafu ikitokea baada ya hapo mkondo unaovuja huwa wa mapigo ya upande mmoja ambao aina ya AC inaweza isiuone.

Hapo maabara ilikuwa imepona, lakini swali la shule nzima kuzimika lilibaki. Kwenye meinswichi kulikuwa na RCD nyingine ya miliampia 100, isiyo na ucheleweshaji wowote. Aliyeifunga alidhani kwa kuwa 100 ni kubwa kuliko 30, ile ndogo itatangulia siku zote. Ingetangulia kama uvujaji ungekuwa, tuseme, miliampia 40. Lakini laivu ikigusa bati, mkondo ni wa ampia kadhaa, na kwa zote mbili huo ni mwingi kupita kiasi. Zote zinaanza kukata palepale, na hakuna anayeweza kusema ipi itawahi. Ukubwa peke yake hauleti mpangilio, muda pia lazima utofautiane. Kwa ajili hiyo ipo aina ya S, ambayo kwenye kipimo chake kamili husubiri angalau milisekunde 130 na kukata kabla ya 500. Hata mkondo ukiwa mara tano ya kipimo, inasubiri angalau 50, wakati ile ya kawaida kwenye mara tano yake lazima iwe imemaliza ndani ya 40.

Moshi madukani hatukuipata, tukaagiza Dar. Mzee alitaka ya miliampia 300. Kwa ethi ya omu 18 inatosha, kwa sababu 0.3 mara 18 ni volti 5.4 tu. Ila alikataa kuifunga siku ile ilipofika. Ya 300 haimlindi mtu aliyeshika waya, na soketi za bweni hazikuwa na RCD yoyote ya 30, zilikuwa zinategemea ile ya 100 ambayo nayo ni kubwa mno kwa mwili wa mtu. Kwa hiyo tukaanza na bweni na jiko, kila sakiti ya soketi ikapata yake ya 30, ndipo ya S ikapanda.

Kuijaribu ilikuwa kazi ya pekee. Kipimo chetu kingeweza kutoa miliampia 150 kwenye soketi, na ya maabara ilikata kwa milisekunde 24. Nikataka kuandika kwamba mpangilio umefaulu, mzee akanizuia. Hizo 150 ni nusu ya 300, ya juu isingekata hata kama haikuwa ya S. Jumamosi shule ikiwa haina watu, akafunga balbu ya waya ya wati 100 kati ya laivu na ethi ya soketi moja. Hiyo hupitisha miliampia 430 ikishapata moto, na zaidi ikiwa baridi, kwa hiyo zote mbili ziliona mkondo uliozidi vipimo vyao. Akabonyeza swichi. Balbu haikuwahi hata kuwa nyekundu. Tukaenda kwenye bodi tukakuta breka ya kundi lile imeanguka, na ya meinswichi imesimama. Tukarudia kwenye kila sakiti ya soketi, bweni na jiko pia.

Masika ya mwaka huohuo mwalimu wa kompyuta alinipigia simu. Kundi la pili lilikuwa likikata asubuhi za mvua, na mchana linakaa. Makundi mengine mawili yalikuwa sawa. Nilikwenda peke yangu na mita ya kubana. Kundi lile lilisoma miliampia 12, wenzake chini ya 6. Kwa kuwa zilikuwa mashine nane tu, nilichomoa moja moja, na moja ilipotoka mita ikashuka hadi karibu na 5. Peke yake ilisoma 11, maana mkondo wa unyevu na ule wa kapasita havifiki kileleni kwa wakati mmoja, kwa hiyo 11 na 5 hazijumlishwi moja kwa moja. Nilifungua pawasaplai yake nikakuta vumbi limeshikana na unyevu kwenye mlango wa filta, na sisimizi wamejenga humo. Mwalimu alikuwa na nyingine stoo, tukaibadilisha, na kundi likarudi chini ya 6.