Rodi 6013 iliponishinda kwenye ekseli ya mkokoteni

Kazi yangu kubwa ni mageti na grili, na kwa miaka mingi nilikuwa na rodi ya kuchomelea aina moja tu, 6013 ya milimita 2.5. Ganda lake la rutili linawaka kirahisi, na kwenye bomba la milimita 1.5 nikiweka ampea 60 hivi hainitoboi. Sikuona haja ya nyingine.

Kisha mzee mmoja akaniletea ekseli ya mkokoteni wa punda, iliyotengenezwa kwa hafu shafti ya gari kuukuu. Nilichomelea kwa 6013 nene zaidi, ya milimita 3.2, mshono ukapendeza. Wiki mbili baadaye akarudi: "Fundi, imekatika tena."

Nilipoitazama, mshono wenyewe ulikuwa mzima. Ufa ulipita pembeni yake, kwenye chuma cha ekseli. Niligusisha grenda, cheche zikapasuka matawi matawi kama nyota, tofauti na za bomba la geti ambazo ni ndefu na zina matawi machache. Hapo nikajua chuma hiki kina kaboni nyingi. Kikipoa haraka kandokando ya mshono kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na haidrojeni inayotoka kwenye unyevu wa ganda la rodi inakipasua, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kazi kuisha.

Dawa yake ni 7018, ambayo ganda lake la chokaa lina haidrojeni kidogo, lakini liwe kavu. Rodi zilizokaa wazi huokwa tena kwenye nyuzi 300 hivi kwa saa moja au mbili. Mimi sina oveni ya kufika huko, kwa hiyo nilinunua paketi iliyofungwa bila hewa nikaitumia siku ileile.

Mashine yangu ndogo ya transfoma ilikataa kabisa, rodi ikawa inanasa tu. 7018 inataka volti karibu 70 kabla ya kuwaka, na yangu haifiki. Niliazima inveta ya jirani, nikaweka rodi upande wa chanya, ampea 120.

Nilikata mshono wote wa zamani, nikachonga ncha zote mbili kwa mshazari, kisha nikazipasha kwa mkaa hadi tone la maji likawa linarukaruka juu yake badala ya kutulia na kuchemka. Nilijaza tabaka kwa tabaka, rodi ikiwa karibu sana na chuma, nikigonga maganda yote kabla ya tabaka lijalo. Mwisho nikaifukia kwenye majivu makavu hadi kesho yake.

Ule mkokoteni bado unabeba maji, huu ni mwezi wa nane tangu niuchomelee. Mageti nimeyaachia 6013 yake, kwa sababu 7018 kwenye bomba jembamba inasumbua kila ukitaka kuiwasha upya. Na mkono wa usukani wa gari, hata kwa 7018, naurudisha kwa mwenyewe akanunue mpya.