Raundi ya methali jana Moshi

Jana usiku kwenye kwizi yetu hapa Moshi nilipewa raundi ya kumalizia methali, maswali kumi, nikapanga manne ya pointi moja kama haba na haba, matatu ya pointi mbili, matatu ya pointi tatu kama mwenye pupa, ambayo wengi wanaijua kwa kusikia tu ila kuimalizia "hadiriki kula tamu" ndo shughuli.

Sasa swali la tano niliandika "Subira…" nikaishia hapo, jibu kwenye karatasi yangu likawa "yavuta heri". Meza moja wakaandika "ni ufunguo wa faraja", nikawapa sifuri, mama mmoja akasimama akasema mwanangu hiyo nayo ni methali kamili. Kweli kabisa. Nikawarudishia pointi mbili zao na nikawaomba radhi mbele ya wote, iliniuma maana walishashuka nafasi ya tatu.

Kosa lilikuwa langu, neno moja halitoshi kuanzia. Ningeandika "Subira yavuta…" mlango mmoja tu ndo unabaki wazi. Hata "Akili ni…" ina mali na ina nywele, kwahiyo leo kila swali napitia najiuliza kuna mwisho mwingine? Ukiwepo naongeza neno au naandika yote mawili kwenye majibu. Na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", aliyeandika mtoto badala ya mwana napa pointi zote, maana ni ileile, ila akibadili maana hapana.